Wi-Fi, wifi au wi-fi: kwa waandishi na wahariri wa miongozo mnaoanza kazi

Wadogo zangu, ubishi ule umerudi. Safari hii umezuka kwenye mwongozo wa Kiingereza wa kufunga ruta. Mmoja kaandika wifi, mwingine kaja kabadilisha kuwa Wi-Fi, wa tatu kaweka wi-fi na kusisitiza kwamba ndivyo waandikavyo Waingereza. Kila anayefungua faili anafuta kazi ya aliyemtangulia. Nimeona kila kundi jipya likipita njia hii hii, na nawapenda mno kuwaacha mzunguke tena.

1. Kama hujaelekezwa vinginevyo, andika Wi-Fi.

Hiyo ndiyo sura inayokubalika kwa upana zaidi: W kubwa, F kubwa, kistari katikati. Associated Press wanaiandika hivyo, kamusi ya Merriam-Webster imeiingiza hivyo, na ukifungua mipangilio ya simu ya Apple au kompyuta yenye Windows utaikuta hivyo. Lakini gazeti la The Guardian huandika wifi, na kwenye habari nyingi za BBC utakuta wi-fi. Kwa hiyo ukimwona mwenzako kaandika wifi, usimwambie hajui tahajia. Swali ni moja tu: hati hii inafuata mwongozo gani wa mtindo? Mteja akiwa na wake, unafuata wa mteja hata kama roho haipendi. Kilicho kosa bila mjadala ni sura mbili ndani ya hati moja, kwa sababu msomaji makini ataanza kujiuliza kama ni vitu viwili tofauti.

2. Usiifumbue kana kwamba ni kifupisho.

Kila mwaka mtu huandika kwenye faharasa ya istilahi kwamba Wi-Fi ni kifupi cha "wireless fidelity". Futeni hiyo. Mwaka 1999 kundi la kampuni lililoitwa Wireless Ethernet Compatibility Alliance, ambalo leo ni Wi-Fi Alliance, lilitaka jina la kuuzika sokoni, kwa sababu "IEEE 802.11b Direct Sequence" halitamkiki kwa mnunuzi wa kawaida. Likaiajiri kampuni ya kubuni majina, Interbrand, na jina likaja kwa mwangwi wa hi-fi, neno la vyombo vya muziki ambalo watu walikuwa wameshalizoea. Kwa muda kidogo matangazo yalibeba kaulimbiu iliyotaja "wireless fidelity", lakini kaulimbiu ilitungwa baada ya jina kupatikana, kisha ikaachwa. Phil Belanger, mmoja wa waliolianzisha kundi hilo, ameeleza hadharani kwamba herufi hizo hazisimamii maneno yoyote.

Hili lina uzito kwa tahajia. Ingekuwa kifupisho cha kawaida, kanuni ya vifupisho ingetupa jibu. Kwa kuwa ni jina lililobuniwa na kusajiliwa kama alama ya biashara, linaandikwa kama mwenye jina alivyoliandika, mpaka umma uamue kulichukua kama nomino ya kawaida. Hapo ndipo tulipo sasa, katikati ya kuamua.

3. Maneno mapya ya teknolojia hutulia kwa mwelekeo mmoja, ila kila neno kwa kasi yake.

Mwelekeo wenyewe mnaujua kwa macho. Neno huanza likiwa mawili au na kistari, likizoeleka linaungana, na herufi kubwa inaporomoka. Associated Press walihama kutoka "Web site" kwenda "website" mwaka 2010, kutoka "e-mail" kwenda "email" mwaka 2011, na mwaka 2016 wakaishusha I ya "Internet". Chicago Manual of Style wakafanya vivyo hivyo kwa "email" na "internet" katika toleo la 17 la mwaka 2017. Angalieni mpangilio: watu walikuwa wameshaandika email kwa miaka mingi kabla ya miongozo kukubali. Miongozo haitangulii njiani, inafuata nyayo, na kazi yake ni kuamua lini nyayo zimekuwa nyingi vya kutosha.

Basi kwa nini Wi-Fi imekaidi? Naona vizuizi vitatu. Kwanza ina mwenyewe. Wi-Fi Alliance hupima vifaa, hutoa cheti, na jina hilo liko kwenye maboksi, kwa hiyo kila siku msomaji anakutana na tahajia ileile, wakati "email" haikuwa na mlinzi wa namna hiyo. Pili, ndugu zake hi-fi na sci-fi bado wana kistari kwenye kamusi baada ya miongo kadhaa. Kistari kile kinamsaidia msomaji wa Kiingereza: kinamwambia kila nusu ina sauti ndefu ya "ai", ilhali wifi tupu, kwa mazoea ya tahajia ya Kiingereza, ingeweza kusomwa kwa "i" fupi. Tatu, Oktoba 2018 muungano ule ulianza kuvipa vizazi vya teknolojia hii namba rahisi, 802.11ax ikawa Wi-Fi 6, 802.11ac ikawa Wi-Fi 5, na jina lenye namba huonekana zaidi kuwa jina maalumu.

Upande wa pili kuna mamilioni ya watu wanaochapa kwa kidole gumba na hawana muda wa kutafuta kistari. Maoni yangu ni kwamba magazeti ya umma yatazidi kuhamia wifi, na nyaraka za kiufundi zitabaki na Wi-Fi muda mrefu zaidi kwa sababu zinasimama kando ya maboksi na skrini zinazosema hivyo. Hata katika hati inayotumia wifi kwa herufi ndogo, mimi huacha Wi-Fi 6 kama ilivyo.

4. Msibadilishe yote kwa mkupuo.

Hapa nataka mnisikilize, maana ni jeraha la timu yetu nzima. Tulikuwa na mwongozo mkubwa uliochanganya sura zote tatu, na siku ya kukabidhi ilikuwa imekaribia. Tukakubaliana Wi-Fi, tukaendesha amri moja:

```
sed -i -E 's/wi-?fi/Wi-Fi/gI' docs/*.md
```

Ikamaliza papo hapo. Kikagua tahajia hakikulalamika, kurasa zilizotazamwa haraka zilipendeza, tukakabidhi. Tulifurahi kwelikweli.

Malalamiko ya kwanza yalitoka kwa fundi aliyenakili amri kutoka ukurasa wetu. Amri sahihi ni hii:

```
nmcli device wifi list
```

Yetu sasa ilisema `nmcli device Wi-Fi list`, na programu ikaikataa, kwa sababu ndani ya amri `wifi` ni neno linalosomwa na mashine herufi kwa herufi. Kisha wakaja waandaaji programu wa Android. Darasa linaitwa `WifiManager`, sisi tulikuwa tumelifanya `Wi-FiManager`. Katika lugha nyingi za programu kistari ni alama ya kutoa, hivyo mashine ilisoma "Wi toa FiManager" na kugoma. Ndiyo maana ndani ya msimbo mara nyingi mtaikuta bila kistari, kama Wifi au wifi, na si uzembe wa waandaaji.

Tukadhani yameisha. Kumbe picha nazo zimepotea, maana faili liliitwa `wifi-login.png` na kiungo sasa kilitafuta `Wi-Fi-login.png`. Viungo kadhaa vya ndani vilianguka kwa sababu hiyohiyo. Lililochelewa kugunduliwa kuliko yote, na lililowasumbua watumiaji zaidi, ni jina la mtandao. Hatua mojawapo ilimtaka mtu aandike mwenyewe jina la mtandao uliofichwa, `mgeni_wifi`. Mwongozo ukamwambia `mgeni_Wi-Fi`. Jina la mtandao hutofautisha herufi kubwa na ndogo, basi watu walichapa, wakasubiri, wakachapa tena, wakaamini ruta ni mbovu. Walirudisha lawama kwa kifaa ambacho hakikuwa na kosa lolote. Na kulikuwa na nukuu moja ya gazeti, iliyoandikwa wifi ndani ya alama za kunukuu, ambayo tulikuwa tumeigeuza bila haki. Maneno ya mtu mwingine hayasahihishwi ili yafanane na mwongozo wetu.

Ilibidi turudishe toleo la zamani na kuanza upya, safari hii kwa kuhesabu kwanza:

```
grep -rhoiE 'wi.?fi' docs/ | sort | uniq -c
```

Amri hiyo inaorodhesha kila sura iliyomo na idadi yake, pamoja na zile zenye nafasi katikati ambazo hatukujua zipo. Kisha tukapitia mahali pamoja baada ya pengine, tukijiuliza kila mara: hii ni sentensi ya msomaji, ni kitu cha kuchapwa kwenye mashine, ni maandishi ya skrini, au ni nukuu? Ya kwanza pekee ndiyo inayofuata mwongozo wa mtindo. Tatu zilizobaki zinanakiliwa kama zilivyo. Kazi hiyo ilikula muda kuliko sentensi zote tulizokuwa tumezirekebisha, nami sijawahi tena kumwacha mtu wa timu yangu akabidhi mabadiliko ya mkupuo yasiyopitiwa kwa macho.

5. Kistari kikikatika mwisho wa mstari.

"Wi-" ikibaki juu na "Fi" ikashuka chini, tumieni kistari kisichokatika, `U+2011`, lakini kwenye kurasa zilizochapwa au zilizokamilika tu: mtu anayetafuta Wi-Fi kwa kistari cha kawaida huenda asiipate hiyo.

6. Wi-Fi si intaneti.

Simu inaweza kuwa imeunganishwa na ruta kikamilifu huku ruta haina intaneti, kwa hiyo ujumbe wa hitilafu utaje kilichokatika hasa.

7. Iandikeni kwenye orodha ya maneno, leo.

Mstari wetu uwe hivi: Wi-Fi, nomino na kivumishi, haifumbuliwi, sura ya `wifi` huachwa ndani ya msimbo, amri, majina ya faili, majina ya mitandao, maandishi ya skrini na nukuu. Pembeni mtaje mwongozo au kamusi tuliyoifuata na mwaka wa toleo lake. Toleo jipya la kamusi hiyo likitoka, mmoja wenu alifungue aangalie neno hili pamoja na mengine yanayohama. Likiwa limebadilika tutabadilisha kwenye toleo letu linalofuata, kuanzia ukurasa wa kwanza, si katikati ya hati ambayo tayari iko mikononi mwa watu.