Sakiti isiyo na chanzo huru: ukinzani wa Thevenin unapatikanaje?

Wadogo zangu mnaoanza umeme hapa Dar, iwe Mlimani au DIT, kuna swali la sakiti mtakalokutana nalo mapema. Mnapewa rezista na chanzo tegemezi tu, hakuna betri wala chanzo huru chochote, halafu mnaambiwa mtafute ukinzani wa Thevenin kwenye ncha a na b.

Njia mliyoizoea ni kugawa volteji ya ncha zikiwa wazi kwa mkondo wa ncha zikiwa zimeshotishwa. Hapa haisaidii. Chanzo tegemezi hufuata mkondo au volteji ya mahali pengine ndani ya sakiti, na kama hakuna cha kuanzisha mkondo huo, chenyewe kinabaki sifuri. Unapata volteji sifuri na mkondo sifuri, na sifuri kugawa kwa sifuri haikupi kitu. Wapo wanaoandika hapo kwamba ukinzani ni sifuri. Si kweli, sakiti imelala tu, inangoja kuamshwa kutoka nje.

Ndiyo maana tunaleta chanzo chetu cha majaribio. Unaingiza ampea 1 kwenye ncha a, unatafuta volteji v inayojitokeza kati ya a na b, kisha v gawa kwa 1 ndiyo ukinzani. Multimita ya Kariakoo ukiiweka kwenye omu hufanya karibu hivyohivyo: inapitisha mkondo wake mdogo na kusoma volteji.

Chukua mfano huu. Kati ya a na b kuna rezista ya 4 Ω, na mkondo wake kutoka a kwenda b tunauita ix. Sambamba nayo kuna tawi la pili: rezista ya 2 Ω, ikifuatana na chanzo tegemezi cha volteji ya 2ix, upande wake chanya ukitazama a. Weka b kuwa sifuri, ingiza 1 A kwenye a, kisha tumia sheria ya mikondo ya Kirchhoff kwenye nodi a:

1 = v/4 + (v − 2ix)/2

Kwa kuwa ix = v/4, sehemu ya pili inakuwa v/4. Jumla ni v/2, hivyo v = 2 V na ukinzani ni 2 Ω.

Sasa angalia mtu aliyezima chanzo tegemezi kama anavyozima vyanzo huru. Anabaki na 4 Ω sambamba na 2 Ω, anapata 1.33 Ω. Jibu linaonekana la maana kabisa, na hilo ndilo tatizo lake: halikushtui. Chanzo tegemezi hakizimwi kamwe katika hesabu hii. Mshale wa ix nao usiuguse. Ukiugeuza uelekee kutoka b kwenda a, ix inakuwa −v/4, na ukinzani unashuka hadi 1 Ω. Hiyo ni sakiti nyingine, ingawa mchoro unafanana.

Badilisha 2ix iwe 8ix. Tawi la pili linakuwa (v − 2v)/2, yaani −v/2. Ukijumlisha na v/4 unabaki na −v/4, kwa hiyo v = −4 V na ukinzani ni −4 Ω. Msiifute alama ya kutoa. Kwanza hakikisheni kwamba mkondo wa majaribio unaingia kwenye ncha mliyoiita chanya. Kama uko sawa, basi jibu ni hasi kwelikweli. Maana yake chanzo tegemezi kinatoa nguvu nyingi kuliko rezista zinavyokula, na ziada inatoka nje kupitia ncha. Rezista peke yake haiwezi kufanya hivyo.

Kwa 6ix mambo yanageuka tena: v/4 na −v/4 zinafutana, mlinganyo unasema 1 = 0. Algebra yako haijakosea. Weka volti 1 badala ya ampea 1, utaona mkondo unaoingia ni sifuri, yaani ukinzani hauna kikomo. Kinyume chake, sakiti yenye ukinzani sifuri itakataa chanzo cha volti, na hapo ampea 1 ndiyo inayofaa. Kwa sakiti nyingine zote, chagueni kinachorahisisha hesabu. Mimi hupenda ampea 1 pale ninapoandika milinganyo ya nodi.

Mkitaka kuhakiki kwenye LTspice, mfano wa kwanza unaandikwa hivi. Vx ni chanzo cha volti 0, kimewekwa ili kupima ix tu:

```
* jaribio
I1 0 a 1
R1 a x 4
Vx x 0 0
R2 a c 2
H1 c 0 Vx 2
.op
.end
```

V(a) itasoma 2. Mkibadilisha namba ya mwisho kwenye mstari wa H1 kuwa 8, itasoma −4.