Maswali na majibu: lugha, kibodi na saa wakati wa kusakinisha

Nikiandika ng'ombe inatoka ngómbe. Kibodi imeharibika?

Kibodi ni nzima. Ulipofika kwenye orodha ya mipangilio ulichagua `United States-International`, au kwenye Linux `English (US, intl., with dead keys)`, ukidhani neno "International" lina faida kwako. Katika mpangilio huo kitufe cha ' hakiandiki kitu papo hapo. Kinangoja herufi inayofuata, na ikiwa ni o au a kinaiwekea alama juu. Ndiyo maana ng'aa nayo inakuwa ngáa. Ukibonyeza nafasi baada ya ' alama itatokea, lakini hiyo ni kujitesa. Ongeza `US` ya kawaida, kisha ule wa kimataifa uufute kabisa, maana ukibaki utaurudia kwa bahati mbaya. Kiswahili hakina herufi hata moja yenye alama juu yake, kwa hiyo hupotezi chochote. Na yale uliyokwisha kuandika yarekebishe: ukitafuta ng'ombe kwenye faili, ngómbe haitaonekana.

Nenosiri nililoweka wakati wa kusakinisha linakataliwa.

Swali hili linarudi kila mara, na karibu kila mara nenosiri lina @. Ulipoliweka, kibodi ilikuwa kwenye mpangilio wa Uingereza, ambako Shift na 2 huandika ", si @, nawe ukaona vidoti tu. Sasa mfumo unatumia wa Marekani. Andika tena, lakini mahali pa @ weka ". Ukishaingia, libadilishe. Kabla ya kuweka nenosiri lolote, jaribu @ na " kwenye kisanduku cha majaribio au cha jina, unapoona unachoandika.

Kwenye saa za eneo nichague Nairobi au Dar es Salaam?

Yoyote. Zote ni UTC+3 mwaka mzima. Aliye Lubumbashi au Bujumbura asizifuate: kwake ni UTC+2.

Nataka kompyuta isome saa moja asubuhi, si 7:00. Nirudishe saa sita nyuma?

Hapana! Ukiirudisha kwa mkono, namba za siri zinazobadilika kila sekunde 30 zitakataliwa, kwa sababu hukokotolewa kutokana na saa. Wengine huchagua UTC-3: 7:00 inasomeka 1:00 kweli, lakini tarehe inabadilika saa kumi na mbili asubuhi. Faili la saa kumi alfajiri ya tarehe 5 litaandikwa 22:00 ya tarehe 4. Acha saa ya eneo lako, hesabu kichwani.

Nilisakinisha Ubuntu kwa Kiingereza. Nianze upya nipate Kiswahili?

Usifute kitu. Fungua terminali:

```
sudo apt install $(check-language-support -l sw)
sudo locale-gen sw_TZ
sudo update-locale LANG=sw_TZ.UTF-8
```

Aliye Kenya aweke `sw_KE`. Kisha washa upya. Sehemu ambazo hazijatafsiriwa zitabaki kwa Kiingereza, na mpangilio wa kibodi hautaguswa.