Hati ya makadirio ya TRA imetaja kipato kikubwa kuliko nilichojaza: isomeke vipi, na una siku ngapi za kupinga

*"Wakuu habari za mchana. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar. Wiki hii nimepokea hati ya makadirio, kipato kinachotozwa kodi kimeandikwa zaidi ya mara mbili ya nilichojaza. Hicho kipato wamekipataje? Matumizi yangu na nafuu zangu zimekwenda wapi? Na nina muda gani wa kupinga?"*

Mkuu, mimi naandika vitabu vya maduka kadhaa kuanzia Tandika mpaka Buguruni, na hati za namna hii nimezishika sana. Nianze na muda, maana hauongezeki hivi hivi. Una siku 30 tangu siku uliyopokea hati. Usichanganye siku hiyo na tarehe ya mwisho ya kulipa, wala na siku uliyokwenda kuongea na afisa. Ikiwa ilikuja kwa barua pepe au kupitia mfumo wa TRA mtandaoni, hifadhi ushahidi wa tarehe hiyo. Kama unaumwa au uko nje ya nchi unaweza kuomba kuongezewa muda kwa maandishi, ila maombi yaende mapema kabla siku hazijaisha. Kuongea kwa mdomo dirishani hakusimamishi chochote, hata afisa akikupokea vizuri namna gani.

Sasa hicho kipato. Kinachotozwa kodi si mauzo. Ni mauzo, ukatoa gharama ya bidhaa ulizouza, ukatoa matumizi ya biashara, ukatoa uchakavu wa mali za biashara. Nafuu ya mke au watoto kwetu haipo. Mtu binafsi ana shilingi 3,240,000 za mwanzo kwa mwaka ambazo hazitozwi, na hizo ziko ndani ya viwango vyenyewe, huziombi. Kwa hiyo nafuu ya kupigania kwa mwenye duka ni uchakavu, nao una viwango vyake kisheria: gari dogo la mizigo na kompyuta asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki, samani kama makabati na meza asilimia 12.5.

Nikupe mfano wa mteja wangu mmoja, naye ni wa vifaa vya ujenzi. Alijaza mauzo milioni 160. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ilikuwa milioni 132, matumizi ya pango, mishahara, umeme na usafiri milioni 15. Ana kirikuu ambacho thamani yake iliyobaki vitabuni ilikuwa milioni 8, uchakavu wake ukawa milioni 3. Kikabaki kipato cha milioni 10. Kodi yake kwa viwango vya mtu binafsi: kufikia 9,120,000 ni shilingi 816,000, na zile 880,000 za juu yake zinatozwa asilimia 25, yaani 220,000. Jumla 1,036,000, akalipa.

Baadaye ikaja hati ya makadirio yaliyorekebishwa: kipato milioni 26. Hapa ndipo watu wengi wanapotazama namba ya mwisho tu na kupandwa na presha. Nenda kwenye maelezo ya jinsi kodi ilivyokokotolewa, kwa sababu hati inatakiwa ikuoneshe hesabu na sababu. Kwake tofauti ya milioni 16 ilikuwa vitu viwili tu. Milioni 12 zilikuwa fedha zilizoingia benki kupita mauzo aliyojaza, zikahesabiwa kuwa mauzo. Milioni 4 zilikuwa za usafiri zilizokataliwa kwa kukosa risiti za EFD. Uchakavu wa kirikuu haukuguswa, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kuuzungumzia. Kodi ya milioni 26 ni 1,536,000 kwa milioni 12 za mwanzo, kisha asilimia 30 ya milioni 14 zilizobaki, yaani 4,200,000. Jumla 5,736,000. Ukitoa alicholipa, hati ilimdai 4,700,000. Riba naiweka pembeni hapa, ila nayo inafuata kodi: kodi ikishuka, inashuka.

Tukakaa na taarifa ya benki, mstari kwa mstari, na kalamu ya rangi. Zile milioni 12 zilikuwa mkopo wa sakosi ulioingia mara mbili, milioni 7 kisha milioni 5. Mkopo si mapato, lakini aliyeiona taarifa ya benki peke yake hawezi kulijua hilo. Ni juu yako kuthibitisha. Tukaambatanisha mkataba wa mkopo, barua ya sakosi inayotaja tarehe na viwango vilevile, na marejesho yanayoonekana yakitoka akaunti hiyohiyo. Kwako chunguza pia fedha za lipa namba ulizohamishia benki. Mauzo yale yale yanaweza kuhesabiwa mara mbili, kwenye simu na kwenye benki. Na angalia sana jumla ya mauzo mapya, kwa sababu yakipita milioni 200 unafunguliwa mlango mwingine wa VAT, na hapo hoja inakuwa nzito zaidi.

Zile milioni 4 za usafiri hatukuzipinga. Zilikuwa malipo ya maguta na kenta za sokoni, hakuna karatasi hata moja. Kuna wanaoshauri upinge kila kitu ili mbele ya safari mpatane. Mimi sikubaliani nao. Hoja isiyo na ushahidi inaichafua ile yenye ushahidi, na anayesoma faili anaanza kukutilia shaka kote.

Pingamizi ni barua kwa Kamishna Mkuu, ikitaja namba ya hati, mwaka, kiasi unachopinga, na sababu ya kila kiasi. Lakini barua peke yake haitoshi, na hapa ndipo pingamizi nyingi zinapofia. Ndani ya siku hizo hizo 30 unatakiwa ulipe theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishania, kile kilicho kikubwa. Kwa mteja wangu, kiasi asichobishania kilikuwa kodi ya kipato cha milioni 14, yaani 2,136,000, ukitoa 1,036,000 alizokwishalipa, inabaki 1,100,000. Theluthi ya 4,700,000 ni 1,566,667. Akalipa hiyo ya pili. Usipolipa, pingamizi halipokelewi hata kama mkopo wako una mihuri kumi. Kama huna fedha, andika kuomba upunguziwe au usamehewe amana hiyo, utoe sababu na ushahidi wa hali yako, tena mapema, usingoje siku 30 ziishe.

Baada ya hapo Kamishna ana miezi 6 ya kutoa uamuzi. Muda huo ukipita kimya, makadirio yanahesabika yamethibitishwa, na ukitaka kuendelea unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Kwa hiyo weka alama ya miezi 6 kwenye kalenda yako, usisubiri simu.

Kwa mteja wangu zile milioni 12 ziliondolewa, akabaki na deni la 1,100,000. Ziada ya 466,667 kwenye amana ikahesabiwa kwenye kodi yake ya mwaka uliofuata. Ukitaka nikuangalizie yako, weka hapa ule ukurasa wa hesabu tu, ufute jina na TIN kwanza, na useme uliipokea tarehe ngapi.