Baka moja ubavuni, kisha upele mgongo mzima: pitiriasis rozea na muda wake

*"Wakuu, nipo Tandahimba. Tarehe 20 Juni niliona baka la duara ubavuni, ukubwa wa kizibo cha chupa ya maji. Duka la dawa wakanipa tyubu ya fangasi, nimepaka siku 12 hakuna nafuu, na tangu tarehe 2 Julai mgongo na kifua vimejaa vibaka vidogo vinavyowasha. Huku ni msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho. Ni salfa hii, au fangasi imesambaa? Na itaisha lini?"*

Mkuu, salfa iweke pembeni. Vumbi lake huwasha pale linapotua: usoni, shingoni, mikononi, machoni, na kwenye mikunjo yenye jasho. Huwasha siku hiyohiyo au kesho yake. Haitangulizi baka moja ubavuni, ikakaa kimya siku 12, ndipo ikamwaga mengine yote chini ya shati. Mwendo huo ni wa pitiriasis rozea, ugonjwa wa ngozi unaowapata zaidi watu wa miaka 10 hadi 35. Baka la kwanza hutoka peke yake, huwa na upana wa sentimita 2 hadi 10, na wiki moja au mbili baadaye vibaka vidogo hufuata kwa mkupuo.

Fangasi ndiyo inayochanganya wengi, hata wauza dawa, kwa sababu baka la kwanza linafanana sana na choa. Tofauti ipo kwenye magamba. Simama penye mwanga wa dirisha ulitazame kwa karibu. Choa huwa na ukingo ulioinuka, na magamba yapo juu ya ukingo wenyewe wakati katikati panaanza kusafika. Baka la pitiriasis rozea lina magamba membamba kama karatasi ya sigara yaliyojipanga pete ndani kidogo ya ukingo. Upande wa nje umeshika ngozi, upande unaoelekea katikati umeachia. Ukilikuta lipo hivyo, dawa ya fangasi haina kazi hapo. Ukibaki na shaka, maabara wanaweza kukwangua magamba kidogo na kuyatazama kwa darubini. Ila waambie umekuwa ukipaka dawa, maana inaweza kuficha fangasi hata kama ilikuwepo.

Sasa mwambie mtu akupige picha ya mgongo mzima, umesimama wima. Vibaka vya ugonjwa huu si duara kamili, ni virefu kidogo kama yai, na urefu wake hulala kwenye mistari ya asili ya mvutano wa ngozi, ambayo mgongoni inateremka kwa mshazari kutoka kwenye uti kuelekea mbavuni. Madaktari hufananisha na mti wa Krismasi. Kwa sisi wa pwani ya kusini, fikiria kuti la mnazi lililoning'inizwa ncha ikiwa chini: uti wa mgongo ndio upongoo, vibaka ndio majani yanayoshuka kulia na kushoto. Usitegemee kuona rangi ya waridi inayotajwa kwenye maelezo mengi, hiyo ni ya ngozi nyeupe. Kwetu huwa kahawia iliyokolea, zambarau au kijivujivu. Na kwenye ngozi nyeusi ugonjwa hupenda pia kukiuka ramani: unaweza kupanda shingoni na usoni, kushuka kwapani na kwenye kinena, au vibaka vikawa vipele vidogo vilivyoinuka. Kuti likikosekana, haimaanishi ugonjwa siyo huu.

Kuhusu muda, hesabu kwa tarehe zako mwenyewe. Mkupuo ulianza 2 Julai. Vibaka vipya vitaendelea kutoka kwa takriban wiki mbili, yaani hadi katikati ya Julai, na hapa ndipo watu hupaniki wakadhani dawa imewadhuru. Baada ya hapo vinasimama, vinaanza kukauka na kufifia bila utaratibu maalumu. Kwa kawaida yote huisha ndani ya wiki 6 hadi 8, kwa hiyo kwako ni kati ya katikati na mwisho wa Agosti. Wengine hufika miezi mitatu, wachache huzidi. Alama nyeusi au nyeupe zinazobaki ni hesabu nyingine kabisa: upele umeshakufa, rangi tu ndiyo haijarudi, na inaweza kuchukua miezi kadhaa. Usizifuate na mkorogo.

Kwa sababu unaisha wenyewe, kila tiba ya wiki ya sita hujipatia sifa. Mtu anapaka tyubu ya kwanza, anahamia vidonge vya fangasi, anamalizia na majani ya mwituni, upele unatoweka, na majani ndiyo yanayotangazwa kijiji kizima. Mbaya zaidi ni zile tyubu zenye dawa tatu ndani yake, ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali kama betamethasoni. Steroidi hutuliza muwasho kwa siku chache, na kama kweli ilikuwa choa, huificha huku ikisambaa.

Unachotibu ni muwasho. Joto na jasho huuchochea, kwa hiyo oga maji ya kawaida, si ya moto, na sabuni iishie kwapani, kwenye kinena na miguuni. Jifute kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevu paka vaselini. Vaa pamba. Mtu mzima anaweza kumeza setrizini miligramu 10 mara moja usiku, akijua kuwa inaweza kumlewesha usingizi. Vibaka vinavyosumbua sana vipake haidrokotizoni ya asilimia 1 mara mbili kwa siku, wiki moja, na si mwili mzima. Asaiklovia hutolewa kwa baadhi ya wagonjwa kwa vile virusi vya jamii ya malengelenge, namba 6 na 7, vinashukiwa kuhusika, lakini huwa na maana zaidi ikianza mapema, na hiyo ni ya kuandikiwa na daktari. Taulo na kitanda hamna haja ya kutenganisha. Hauambukizi kwa kugusana kama choa.

Kitu kimoja nisichokubali mtu akiruke ni kipimo cha kaswende. Hatua ya pili ya kaswende inaweza kuvaa sura hiihii kwenye kiwiliwili, na daktari mzuri hupima hata kama kuti linaonekana wazi. Shaka iongezeke ikiwa kuna madoa kwenye viganja na nyayo, vidonda mdomoni, tezi zilizovimba, homa, au kidonda kisichouma sehemu za siri wiki kadhaa zilizopita, hasa kama upele hauwashi. Pima na VVU kwa safari hiyohiyo. Kituo cha afya kinatosha, huhitaji kupanda gari hadi Mtwara mjini. Kama ulianza dawa mpya kabla ya upele, mfano kaptopril ya presha, itaje pia, kwani dawa kadhaa huleta upele unaofanana na huu.

Kama anayesoma hapa ni mjamzito, hasa chini ya wiki 15, aende kliniki wiki hii hii asisubiri uishe, kwa sababu katika kipindi hicho ugonjwa huu umehusishwa na mimba kuharibika. Na wewe, ikifika mwanzoni mwa Oktoba bado vinatoka vipya, jina la ugonjwa litiliwe shaka: nenda kwa daktari wa ngozi, huenda akachukua kipande kidogo cha ngozi kikapimwe.