Kidumu cha maji kwanza, breki fluidi niliitoa kwenye buti

Swali la wiki: Wasomaji, kwenye buti ya gari mnabeba vimiminika gani vya dharura, kidogo kidogo, na kipi mmeona ni mzigo wa bure?

Mi naishi Mbeya, Iringa na Kitonga napita karibu kila mwezi, na kitu ambacho hakitoki kwenye buti yangu ni kidumu cha lita tano cha maji safi ya kawaida. Watu wengi naona wanabeba chupa ya lita moja ya kulanti wanajiona wako salama, ila gari ndogo ya silinda nne inashika kama lita sita hivi kwenye injini na rejeta, sasa hosipaipu ikipasuka unamwaga nusu au zaidi, hiyo lita moja inakufikisha wapi? Af kama ni ile nzito ya kuchanganya, bila maji haipoozi vizuri.

Mwaka jana mwezi wa saba tulikuwa tunapandisha Kitonga na mama mdogo, tuko nyuma ya semi, mshale wa tempereche ukaanza kupanda. Nikazima kiyoyozi nikafungua hita mpaka mwisho kwenye moto ili ivute joto la injini, ikapuliza baridi. Hapo nikajua maji hakuna, maana hita inapashwa na maji yaleyale ya injini. Na nyie mnaowasha hita usiku Makambako au Njombe, ikianza kupuliza baridi ghafla wakati gari limeshapata moto msilaumu hita, simameni mwangalie maji. Kingine, mshale ukipanda af ukaanguka wenyewe mpaka kwenye baridi usifurahi, inawezekana sensa haiguswi na maji tena ila injini inaungua.

Nikaegesha nikazima, tukakaa kama dakika 40 sijagusa mfuniko. Maji ya baridi kwenye injini kavu yenye moto mkali yanaweza kupasua silinda hedi, na mfuniko ukifunguliwa kwa haraka mvuke unakubabua uso. Nilibinya hosi ya juu na tambara, ilipokuwa laini na vuguvugu tu ndo nikafungua, kidogo kidogo. Tatizo lilikuwa hosi hiyohiyo, imechanika pale mdomoni inapokazwa na klipu, kama sentimita mbili. Kwa vile ni mwishoni nikakata kipande kibovu na kisu, nikairudisha, nikakaza klipu na bisibisi. Nikamimina taratibu, nikawasha, mapovu yakatoka nikaongeza tena, jumla zikaingia kama lita nne. Ilula nikasimama nikaacha ipoe nikaongeza nusu lita, Iringa fundi akaweka hosi mpya na kumwaga yale maji akajaza kulanti iliyochanganywa, maana maji matupu yakikaa humo yanaleta kutu.

Kuna wanaoshauri ulegeze mfuniko ili presha isisukume maji nje. Huku kwetu juu mi siungi mkono, kwenye mwinuko wa Iringa maji yasiyo na presha yanachemka karibu nyuzi 95, yaani unaondoa kinga yenyewe.

Cha pili ni oili ya injini lita moja, namba ileile uliyoweka wakati wa sevisi. Kwa gari nyingi ndogo kutoka alama ya chini mpaka ya juu kwenye dipstiki ni kama lita moja, kwa hiyo chupa moja inatosha kabisa kukurudisha kwenye kiwango. Ila taa nyekundu ya oili ikiwaka zima palepale, pima, ongeza, na ukiwasha ikagoma kuzima ndani ya sekunde chache basi vuta gari kwa kamba.

Oili ya gia boksi usibebe, kuipima kwenyewe kuna utaratibu wake na ukikosea aina unaua gia boksi. Petroli kwenye dumu la plastiki humo humo mlimo na watoto ni hatari, na kutoka Iringa mpaka Mbeya vituo vipo, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole.

Breki fluidi ndo niliyoibeba miaka mingi nikaitoa. Chupa ikishafunguliwa inanyonya unyevu wa hewa, na fluidi yenye maji inachemka mapema, ukishuka Kitonga au Iwambi na breki zina moto pedali inazama mpaka chini. Af fikiria fluidi ya kwenye gari inashukaje. Kama imeshuka taratibu kwa miezi ni pedi zinaisha, kuongeza hakusaidii kitu unahitaji pedi. Kama imeshuka ghafla inavuja, angalia ndani ya tairi utaona imelowa, na utakachomimina kitatokea hapohapo ukikanyaga mara chache. Maji yakivuja nafika Ilula nikiongeza njiani, breki zikivuja gari halitoki lilipo, namwita fundi aje palepale.