Barua ya pensheni kwa IGG

"Mzee wangu alistaafu ualimu, miaka miwili sasa pensheni yake imekwama wilayani. Barua kwa IGG, mkaguzi mkuu wa serikali hapa Uganda, tuianzeje?"

Anzeni na tarehe kaka, si machozi. Sema amestaafu lini, fomu alizipeleka lini, nani alipokea na alimjibu nini, halafu bandika kopi ya ile barua yenye muhuri wa kupokelewa, maana bila muhuri watasema hawajaona kitu. Kama ni jina la kitambulisho halilingani na la barua ya kuajiriwa, hilo liseme mwenyewe mapema, faili nyingi zinalala hapo hapo bila mtu kukuambia.

Taja Katiba kifungu cha 254, inasema pensheni ilipwe kwa wakati. Na omba kitu kimoja, wilaya itoe jibu la maandishi faili iko wapi na inakosa nini.

Kuna wanaosema muishtaki wilaya kortini kwanza, korti ni haki yako kweli, lakini kesi ikishakuwa kortini IGG haiigusi tena.

Ofisi za IGG ziko mikoani, Arua na Gulu zipo, msihangaike hadi Kampala. Mzee aweke sahihi mwenyewe.