"Mimi nikisha…" na "Yule rafiki ambaye…"

Juzi msomaji ameniandikia: "Dada, mbona kapsheni zako watu wanasema 'huyu ni mimi kabisa', zangu wanapita tu?" Nami nilipitia hapo hapo.

Mwanzoni niliandika: "Mimi nilipomtumia bosi ujumbe wa sauti usiku, nikagundua nimekosea jina lake." Watu wakanipa pole, wakauliza ikawaje. Wakikupa pole, jua umewapa habari yako, hawana pa kuingia. Nikajaribu "Mimi nikiwa na wasiwasi." Kimya. Wasiwasi kila mtu anao, ila hauna sura.

Mara ya tatu nikaandika: "Mimi nikishatuma ujumbe wa sauti, nausikiliza mwenyewe kama vile ndiye niliyetumiwa." Maoni yakamiminika. "Umeniwekea kamera?" "Kumbe tuko wengi!" Siku ile nilijivunia, na bado najivunia.

Bosi, usiku na jina vimeondoka. Kimebaki kitendo kimoja kidogo ambacho mtu hukifanya faraghani na kudhani ni chake peke yake. Tena "nilipo-" imekuwa "nikisha-". "Nilipotuma" ni siku moja, ni yangu. "Nikishatuma" ni kila mara, na msomaji anapoisoma kimoyomoyo, hiyo "mimi" inakuwa yake.

Wapo watakaokwambia andika kwa upana ili uwapate wote. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, mapana ya kumfaa yeyote. Kila mmoja aliamini ameandikiwa yeye, kumbe yote yalikuwa yaleyale, na kwa usahihi wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5. Lakini wale waliambiwa ni yao. Anayepitisha kidole kwenye simu haambiwi na mtu, kwa hiyo lazima kitendo chenyewe kimshike.

"Yule rafiki ambaye…" hufanya kazi kwa mlango mwingine. Neno "yule" humwonyesha mtu tunayemjua sote, na msomaji ndiye anayetia jina. Ukiandika "yule rafiki anayesema niko njiani na bado hajaoga", atamtagi mwenzake, na mwenzake atakuja kujitetea.

Hapo ndipo nilipomuumiza mtu. Niliandika juu ya yule rafiki anayeazima chaja na kuondoka nayo, nikaongeza kwamba chaja ilikuwa nyekundu na imefungwa gundi shingoni. Kundi zima likajua ni nani. Alinitumia neno moja tu, "Asante", kisha akatoka kwenye kundi. Hatujazungumza hadi leo, na bado inaniuma.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya kubonyeza, uliza kila neno: hili ni la wengi, au ni la fulani? Rangi ile na gundi ile hazikumsaidia msomaji hata mmoja kujiona. "Anaazima chaja, ukiiulizia anakwambia alidhani ni yake" ingetosha.